Kabla ya Kuandika Jina la Marehemu Juu ya Mlango wa Ukumbi

Jina la kwanza la ukumbi wetu lilitolewa makaburini. Jengo lilikuwa limefika kwenye linta, paa bado, na mzee aliyekuwa kwenye kamati ya ujenzi tangu siku ya kuchimba msingi ndiyo kwanza alikuwa amefukiwa. Mgeni mmoja mkubwa alipopewa nafasi ya kutoa salamu za rambirambi alisema ukumbi ule ukiisha uitwe kwa jina la marehemu, akauliza kama tumekubali, na watu wakaitikia kwa sauti moja. Wafiwa walikuwa wamekaa mstari wa mbele, vichwa vimeinama. Hakuna aliyewauliza. Na hata wangeulizwa pale, ni mtoto gani angesimama kando ya kaburi la baba yake aseme hapana?

Mimi ndiye katibu wa kamati, kwa hiyo suala lile likaangukia kwenye kitabu changu. Kwa watu wengi lilikuwa limekwisha: jina limetajwa, watu wameitikia, kilichobaki ni kumtafuta fundi wa maandishi. Lakini kwenye kikao chetu cha kwanza baada ya msiba ikaonekana kwamba hata sisi wenyewe hatukuwa na sauti moja.

Mwenyekiti alitaka jina la mzee. Hoja yake ilikuwa nyepesi na ya haki: mzee alisuluhisha migogoro ya watu kwa miaka mingi bila kulipwa, na ndiye aliyekwenda nyumba kwa nyumba kuomba michango wakati wengine tumechoka. Jengo lisipobeba jina lake, watoto wanaozaliwa leo hawatajua kama aliwahi kuwapo. Mweka hazina alitaka jina linaloeleza jengo ni nini na liko wapi. Yeye ndiye anayeandika stakabadhi na kupokea simu za wanaotaka kukodi, na alisema mgeni akisoma kwenye kadi ya mwaliko "Ukumbi wa Fulani" hajui kama ni ukumbi wa watu wote, baa ya mtu binafsi, au nyumba ya ibada. Akisoma "Ukumbi wa Jamii", amejua kabla hajauliza.

Wote wawili walikuwa na ukweli wao. Nisichokipenda kwenye mabishano ya namna hii ni kwamba watu hufika haraka kwenye kura, kura inaleta mshindi, mshindi anapigiwa makofi, halafu ndipo mtu anakumbuka kuitaarifu familia. Nilipendekeza tusipige kura kabisa kwanza. Tuwe na majina mawili mezani, yote mawili hai, twende nayo kwa familia, na kura ije baadaye. Sababu yangu ilikuwa moja tu: ukienda kwa familia na jina moja lililokwisha kupitishwa, hujaenda kuuliza, umeenda kupeleka taarifa. Wao watalisikia hilo hata kama umeliandaa swali kwa adabu zote. Lakini ukienda na mawili, na hakuna hata moja lililotangazwa, wakikataa la kwanza hawajamvunjia mtu yeyote heshima.

Bila shaka tangazo la makaburini lilikuwa limeshaharibu nusu ya mpango huo. Ndiyo maana tuliamua kusubiri. Arobaini ilipita, ugawaji wa mirathi ukaanza na kumalizika, na paa likaezekwa. Kungoja huko kuna mantiki yake hata mbali na huruma kwa wafiwa. Nchini Marekani, bodi inayosimamia majina ya kijiografia haikubali kuupa mlima au mto jina la mtu mpaka miaka 5 ipite tangu afariki. Wao wanazungumzia milima, sisi tulikuwa na jengo la tofali na bati, lakini fikra ni ileile: kwenye majonzi kila marehemu ni malaika, na madeni yake, ugomvi wake na watoto wake wengine huwa hawajajitokeza. Sisi hatukuweza kusubiri miaka 5, kwani jengo lisilo na jina hupewa jina na wapita njia. Tulisubiri hadi mirathi ilipokwisha. Hilo la mirathi naliona kuwa kubwa kuliko idadi ya miezi, kwa sababu wakati wa mirathi kila kitu chenye jina la marehemu ni mali inayohesabiwa.

Walioteuliwa kwenda ni watu wawili: mimi na mama mmoja wa kamati aliyekuwa akisali na mjane. Mwenyekiti alitaka kuja. Tulimwomba abaki, naye akaelewa baada ya kununa kidogo. Mwenyekiti akija, familia inaandaa mapokezi, na watu walioandaa mapokezi hawakatai jambo.

Swali tulilotangulia nalo halikuhusu jina. Tuliuliza: kwa jambo linalomhusu mzee, ni nani wote tunapaswa kuwaona? Mjane alimtaja kifungua mimba wake na mdogo wa marehemu. Yule mdogo, aliyekuwa amekaa pembeni akitusikiliza bila kusema, ndiye akaongeza: "Na yule binti wa mama wa kwanza. Msipomwambia yeye, mtakuwa hamjamwambia mtu." Kukawa kimya kidogo. Mama mjane akasema, "Ni kweli, yupo. Namba yake anayo baba mdogo."

Naliandika hili kwa kirefu kwa sababu hapa ndipo kamati nyingi hukwama bila kujua. Zinasema "familia imekubali" wakati aliyekubali ni mtu mmoja aliyefungua mlango. Familia ya mzee wa miaka themanini si mtu mmoja. Ina mke aliyeishi naye uzeeni, watoto waliomjua akiwa kijana mkali, ndugu waliogombana naye kiwanja, na wajukuu wanaomjua kwa picha. Kila mmoja ana mzee wake. Njia pekee niliyoiona ikifanya kazi ni kumwuliza kila unayemwona amtaje mwingine, mpaka majina yaanze kujirudia. Kwetu yalijirudia upesi: mjane, watoto wakubwa, mdogo wa marehemu, na yule binti.

Kwenye mazungumzo yenyewe tulikuwa na karatasi moja. Nilikuwa nimeandika sentensi ambazo jina lolote la ukumbi litaishi ndani yake, nikaacha pengo mahali pa jina. Zilikuwa sentensi za kawaida kabisa. "Harusi itafanyika ___ saa kumi jioni." "Tukutane ___, mlango wa nyuma." "___ inadaiwa umeme." "Vijana wamepigana jana usiku ___." "Choo cha ___ kimeziba tena." Nikamwomba kifungua mimba azisome kwa sauti, kwanza kwa jina la baba yake, kisha kwa jina la pili tulilokwenda nalo, Ukumbi wa Jamii Njiapanda, kwa kuwa jengo liko pale barabara mbili zinapokutana.

Ya harusi aliisoma vizuri, akatabasamu. Ya umeme akaisoma polepole. Alipofika kwenye choo akasita, na mama yake akaangua kicheko, akacheka mpaka akajifuta macho na kanga. Kisha akasema neno ambalo nililiandika vilevile lilivyotoka: "Baba yenu alikuwa msafi kupita kiasi. Mkimwandika ukutani, mjue mmemwandika na chooni."

Hakuwa anakataa. Alikuwa ameliona jambo ambalo kwenye kikao chetu hakuna aliyeligusa. Heshima ya jina juu ya mlango inategemea jengo litatunzwa vipi na watu ambao familia haiwaongozi. Rangi ikibanduka, jina ndilo linalobanduka. Deni likitangazwa, aliyetangazwa ni marehemu. Kamati inayotoa jina la mtu inaahidi matunzo, hata kama haikutamka ahadi hiyo, na familia ina haki ya kuuliza fedha za matunzo zitatoka wapi. Mama huyu aliuliza. Mweka hazina wetu angekuwapo angefurahi, kwa sababu jibu la kweli lilikuwa kwamba mfuko wa ukarabati hatukuwa nao, tulikuwa na matarajio ya kukodisha.

Jambo la pili lilitoka kwa yule binti, kwa simu, jioni ya siku nyingine. Tulimweka kwenye spika ili mwenzangu naye asikie. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza: "Mnataka kumwandika kwa jina lipi?"

Nikamwambia jina lake kamili, la kwake na la baba yake. Akasema, "Hilo nalikubali. Lakini nani huko analijua?"

Alikuwa amepiga penyewe. Mzee wetu alikuwa na jina la utani alilopewa ujanani baada ya kuumia mguu. Lilitokana na mwendo wake. Watu wengi wa chini ya miaka arobaini hawakuwahi kumjua kwa jina lingine. Mjane alikuwa amelizoea, watoto wadogo walilitumia bila kufikiri. Lakini binti huyu alisoma shule akiitwa kwa jina lile la mguu wa baba yake, akichekwa, na mama yake aliyefariki alikuwa halitamki kabisa nyumbani. "Mkiandika jina la cheti," alisema, "baada ya mwezi mmoja watu wataliacha, watauita ukumbi kwa lile lingine. Halafu litaandikwa kwenye kadi. Mimi nitaletewa kadi ya harusi yenye kilema cha baba yangu."

Niseme ukweli, hoja hii ilinishinda nguvu. Watu hawasemi jina refu kama kuna fupi. Uwanja wa Taifa wa Dar es Salaam ulipopewa jina la Benjamin Mkapa mwaka 2020, mwaka aliofariki, mashabiki hawakuwa na muda wa kusema jina lote. Ukawa "kwa Mkapa", na timu zikaanza kutamba kwamba kwa Mkapa hatoki mtu. Pale ufupisho haukumdhuru mtu, kwa sababu jina fupi lilikuwa jina lake mwenyewe, la heshima, na taifa zima lilikuwa linalijua. Kwetu jina fupi lililokuwa tayari midomoni mwa watu ndilo lililokuwa na mwiba. Na kamati haina polisi wa kuzuia midomo.

Tulilijaribu hilo kabla ya kulirudisha kikaoni. Kwa siku chache niliwatajia watu niliokutana nao jina kamili la mzee, nikawauliza ni nani. Wazee walijibu. Vijana wengi waliniuliza, "Huyo ni nani?" na nilipowaeleza wakasema, "Ahaa, kumbe ni..." na lile jina likatoka. Si utafiti, lakini lilinitosha. Kipimo hiki ni rahisi na sijui kwa nini hakitumiki zaidi: kama jina unalotaka kuliandika linahitaji jina jingine ili lieleweke, hilo jingine ndilo litakalobaki.

Huku nyuma kulikuwa na suala la tatu ambalo familia haikulileta, tulilipeleka sisi, na lilikuwa gumu kulisema bila kuonekana tunamshuku mtu. Ni suala la umiliki. Kiwanja kilitolewa na mkazi mwingine kabisa, kwa maandishi, kwa jamii nzima. Ukiandika jina la mzee juu ya mlango leo, kila mtu anajua maana yake. Mtoto atakayekuwa na miaka ishirini baada ya sisi wote kuondoka atasoma "Ukumbi wa Babu Fulani", naye ni mjukuu wa huyo babu. Hatakuwa na nia mbaya akiuliza kwa nini nyumba yao inakodishwa na watu wengine. Nimewahi kusikia mabishano ya namna hiyo kuhusu shule na visima, na mara zote yalianza kwa mtu kuonyesha kidole kwenye maandishi ya ukutani.

Tuliwaambia wazi kwamba kwa vyovyote itakavyokuwa, hati ya kiwanja, akaunti ya benki, usajili na mikataba ya kukodisha vitabaki kwa jina la jamii, na jina la mtu, kama litakuwapo, litakuwa la kuita tu. Kifungua mimba alielewa haraka. Mdogo wa marehemu hakupenda. Alisema tunampa kaka yake jina kwa mkono wa kulia na kulifunga kamba kwa mkono wa kushoto. Akauliza pia kama familia itautumia ukumbi bila malipo kwenye misiba yake. Swali la haki, na bora lije mapema kuliko lije siku ya msiba. Tulimjibu kwamba bei itakuwa moja kwa wote. Hapo mama mjane akaingilia, akamwambia shemeji yake kwa upole: "Shemeji, na aliyetoa kiwanja je? Yeye naye ana misiba."

Swali hilo lilifanya kazi zaidi ya hoja zetu zote. Mzee alikuwa mmoja wa watu waliojenga ukumbi ule, labda wa kwanza wao, lakini jina moja likipanda juu ya mlango, mengine yote yanashuka chini yake. Kwenye daftari la michango kuna mama aliyebeba maji ya zege kwa wiki nzima. Wala mzee mwenyewe hakuwa mgeni wa fikra hii. Nilipokuwa nikipekua kumbukumbu za vikao nilikuta siku moja mfadhili aliyetoa bati alitaka jina la biashara yake liandikwe mbele ya jengo, na aliyepinga ni mzee. Mwandiko ni wangu mwenyewe: "Mzee alisema mchango usiwe bei ya jina." Nilikuwa nimelisahau kabisa. Niliunakili ukurasa huo nikaupeleka kwa familia, bila maelezo, wasome wenyewe.

Sidhani kwamba neno alilolisema mtu kikaoni ni wasia. Alikuwa anamkataa mfanyabiashara, hakuwa anazungumzia kifo chake. Mwenyekiti alilisema hilo kwa nguvu na alikuwa sahihi. Lakini kwa familia ile karatasi ilikuwa na uzito wake, kwa sababu waliisikia sauti yake humo.

Uamuzi ukaja kutoka kwao, siyo kwetu. Kifungua mimba aliandika barua fupi baada ya kuzungumza na dada yake: familia inashukuru, inaomba ukumbi uitwe jina linaloeleza ukumbi, na kama kamati bado inataka kumkumbuka mzee, kile chumba cha pembeni ambacho kwenye ramani kiliandikwa "ofisi ndogo" kitumike kwa usuluhishi na kiwe na jina lake kamili mlangoni. Huko, alisema dada yake, wataingia watu wanaojua wanamtafuta nani, na hakitangazwi kwenye kadi.

Tulipopata barua hiyo ndipo tukapiga kura, na kura ikawa fupi. Jina la ukumbi ni Ukumbi wa Jamii Njiapanda. Hata hilo lilipita kwenye chujio. Kuna aliyependekeza "Ukumbi Mpya", tukamwuliza litakuwa jipya mpaka lini. Mwingine akataka "Ukumbi wa Mikutano", mweka hazina akakataa kwa sababu watu wa harusi watadhani hawahusiki, na wao ndio wanaolipa. "Jamii" peke yake haikutosha, kwani kila mtaa una ukumbi wake wa jamii. Ilibidi kuwe na mahali. Na mahali pawe pasipohama: mtu alitaka tuutaje mti mkubwa ulio mbele, ambao tayari una tundu la mchwa.

Kwa chumba cha usuluhishi tuliandikiana makubaliano ya ukurasa mmoja na familia. Ndani yake kuna herufi za jina kama wanavyoziandika wao, kwa sababu kwenye kadi ya msiba na kwenye cheti zilikuwa tofauti. Kuna maneno kwamba jina halitoi umiliki wala punguzo la bei. Kuna kwamba picha yake haitawekwa bila ridhaa nyingine tofauti na hii, na jina halitatumika kuombea michango. Chumba kikibadilishwa matumizi au jengo likivunjwa, familia itaarifiwa kabla, na kibao kitarudishwa kwao. Familia inaweza kuliondoa jina ikitaka. Kamati nayo inaweza, kwa kikao cha wazi ambacho familia imealikwa. Kipengele hicho cha mwisho kilimsumbua mwenyekiti, akaona ni kama tunamngoja marehemu akosee. Binti ndiye aliyesema kibaki. Walisaini mjane, kifungua mimba, binti na mdogo wa marehemu, siyo mmoja kwa niaba ya wengine.

Kibao chenyewe kilichelewa kwa jambo dogo. Tulitaka kuweka mwaka wa kuzaliwa. Mjane alitaja mwaka mmoja, mdogo wa marehemu mwingine, na kitambulisho kilikuwa na tarehe 1 Januari, ambayo kila mtu alijua ni ya kujazia fomu. Mwishowe tukaacha miaka yote, tukaandika jina na mstari mmoja: "Alisuluhisha." Fundi alitaka kuongeza ua pembeni. Tulimshukuru.

Ilibaki kazi ya yule mgeni mkubwa na ahadi yake. Hatukuitisha mkutano wa kumkanusha. Mimi na mwenyekiti tulikwenda kwake na barua ya familia, tukamwonyesha, tukamwambia wafiwa ndio walioomba hivi. Barua ilimpa mlango wa kutokea. Siku ya ufunguzi alisema mbele ya watu kwamba ameheshimu matakwa ya familia, kama kwamba ndiye aliyewauliza. Hakuna aliyembishia.

Mdogo wa marehemu alisaini lakini hakuridhika, na hadi leo hajaridhika. Anasema kaka yake aliwekwa chumbani. Tukikutana anaanza salamu kwa hilo, nami sina jibu la kumtuliza, kwa sababu kuna namna anavyoliona ambayo ni kweli: mtu anayepita barabarani hamwoni mzee popote. Vijana nao, baadhi yao, wanauita ukumbi wote kwa lile jina la mguu, bila kibao wala kadi. Binti anajua. Nilimwambia mwenyewe kabla hajasikia kwa wengine. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama kwenye stakabadhi limeandikwa. Nikamwambia halijaandikwa. Akasema basi.

Sasa familia ya aliyetoa kiwanja imeomba kuonana nasi. Wamesikia habari ya chumba. Tutakwenda wawili, bila mwenyekiti, na tutaanza kwa kuuliza ni nani wengine tunapaswa kuwaona.